Kulipa si kufika: uliza maoni kwa watu waliokuja kweli

Umeandaa darasa, semina ya chama au uzinduzi wa bidhaa. Watu wamejiandikisha kwa simu, wengine wamelipa kabisa. Sasa unataka kujua waliipendaje. Wengi wetu huchukua orodha ya malipo na kutumia kila namba meseji ileile. Hapo ndipo majibu huanza kupotosha.

Tuchukue mfano wa mwokaji wa Thika aliyefanya darasa la keki Jumamosi, kiingilio 200 bob. Waliojiandikisha ni 120, waliofika ni 80. Alituma fomu moja kwa wote 120, na 50 wakajibu. Wastani wa swali la "Darasa lilikuwaje, 1 hadi 5?" ukatoka 3.96. Si mbaya, lakini si wa kujivunia, na tayari alishaanza kufikiria kubadilisha mwalimu.

Alipotenganisha majibu, picha ikawa nyingine. Waliofika kati ya wale 50 walikuwa 32, na wastani wao ulikuwa 4.5. Wale 18 wengine hawakukanyaga pale. Fomu iliwalazimisha kujibu swali, kwa hivyo wakabonyeza 3 ili wapite. Walipoulizwa kilichowazuia, wengi walisema Jumamosi asubuhi wako sokoni. Kwa hivyo mwalimu alikuwa sawa. Tatizo lilikuwa siku.

Utajuaje nani alifika? Taarifa ya malipo haitoshi. Mtu mmoja anaweza kutuma 600 bob kulipia watatu, na namba inayoonekana ni yake tu, hata kama yeye mwenyewe alibaki nyumbani. Unahitaji orodha ya mlangoni: jina na namba ya simu ya kila anayeingia, pamoja na wale waliokuja bila kujiandikisha. Waulize namba waliyojiandikisha nayo, maana wengi wetu tuna laini mbili.

Halafu linganisha. Shida ya kawaida ni jinsi namba zilivyoandikwa: mmoja ameanza na 07, mwingine 01, mwingine +254, na kuna anayeweka nafasi katikati. Tarakimu tisa za mwisho ndizo hazibadiliki. Kwenye Excel au Google Sheets, weka majibu kwenye karatasi moja na orodha ya mlangoni kwenye nyingine uliyoiita Waliofika, namba zikiwa safu ya A. Fomula ya kwanza inasafisha namba, iweke safu ya B kwenye karatasi zote mbili. Ya pili inakaa safu ya C ya majibu peke yake.

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
=IF(COUNTIF(Waliofika!B:B,B2)>0,"Alifika","Hakufika")
```

Usiamini "Hakufika" moja kwa moja. Mwokaji wetu alipata 21 mwanzoni. Alipoangalia majina, watatu walikuwa wamefika ila walijibu kwa laini nyingine. Ndiyo maana tukasema 18.

Kuhusu muda, usitume watu wakiwa bado wanagombania matatu. Darasa likiisha Jumamosi alasiri, Jumapili saa moja jioni ni sawa: wametulia, na bado wanakumbuka kama unga ulitosha. Kumbusha mara moja tu, baada ya siku mbili, na siku ya tano funga fomu. Anayejibu baada ya wiki mbili atakuambia "ilikuwa poa", na hiyo haikusaidii kurekebisha kitu. Lakini swali la "Umeshaoka keki nyumbani?" lisubiri wiki tatu hivi. Ukiliuliza kesho yake, kila mtu atasema bado.

Ambao hawakufika watumie meseji yao tofauti yenye swali moja: ni nini kilikuzuia? Hawa hawana cha kusema kuhusu mwalimu wala ukumbi, msiwasumbue.

Kuna gharama ya kuomba namba kwenye fomu: mtu akijua unamjua, hulainisha ukali. Ukitaka ukweli mchungu, tengeneza fomu mbili zisizo na jina wala namba, kila kundi na kiungo chake. Ila kiungo cha waliofika usikitupe kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu hapo kitafika kwa kila mtu.

Ukiahidi eatimu ya 20 bob kwa wanaojibu, itume baada ya kulinganisha na orodha ya mlangoni, vinginevyo utawalipa watu kwa kusifu keki ambayo hawakuionja. Na wakati wa kujiandikisha, waambie watu namba zao zitatumika kuulizia maoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu ajue data yake inaenda wapi.

Kwako unayepokea meseji kama hizi: iliyo halali itataja hafla na tarehe unayoikumbuka, na haitakuomba namba ya siri hata siku moja. Ikiomba, ifute.