Ripoti Imetumwa, Haijamfikia Mtu

Tuseme kijiji kimoja cha Tanzania kinajenga zahanati. Katibu wa kamati ya ujenzi ameandika ripoti ya kurasa sita na kuituma nzima kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mhandisi wa wilaya hayumo kwenye kundi hilo. Bibi aliyechangia mawe hana simu janja. Mhazini yumo, ila habari kwamba saruji inakaribia kwisha iko ukurasa wa tano, naye hakufika huko.

Kinachokosekana ni mpango wa mawasiliano: jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha nani apate taarifa gani, lini, kwa njia gani, na nani aiandae. Wengi hulijaza kwa kuorodhesha ripoti walizozizoea. Mimi ningeanza na mtu na kumuuliza: wewe unaamua nini? Mhandisi anaamua kama msingi umefaa ili kuta zianze, basi apelekewe picha na vipimo kila hatua inapokamilika, kwa maandishi yatakayobaki kwenye faili. Mhazini anaagiza saruji. Kwake ujumbe mfupi wa idadi ya mifuko iliyobaki unatosha, kila jioni siku za kumwaga zege, na mara moja kwa wiki siku nyingine. Wananchi husomewa mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kati ya mikutano, karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, yule bibi asomewe na mjukuu.

Tarehe ndizo huponza wengi. Kuandika "kila mwezi" hakutoshi. Kama halmashauri ya kijiji hukutana tarehe 10, na wajumbe wanahitaji siku tatu za kusoma, taarifa ya fedha iwafikie tarehe 7, na mhazini afunge hesabu tarehe 4. Ikichelewa hadi tarehe 12, itasubiri kikao kijacho, na fundi atasubiri malipo pamoja nayo.

Jedwali liwe pia na mstari mmoja usio na tarehe, wa dharura. Nondo zikiibwa au ukuta ukipata ufa, mwenyekiti apigiwe simu saa ileile, kisha maandishi yafuate kabla ya siku kwisha. Mambo yanayohesabiwa kuwa dharura yatajwe waziwazi, la sivyo kila mtu atakuwa na kipimo chake.

Baada ya mwezi mmoja, sikiliza simu zinazoingia. Mhandisi akiuliza jambo lililomo kwenye ripoti yake, ama haimfikii, ama imefichwa ndani mno.

Halafu kuna safu ya mwandaaji, ambayo kamati nyingi hujaza neno "kamati". Hapo liandikwe jina la mtu mmoja, na kando yake jina la atakayeshika kalamu siku huyo wa kwanza akiwa msibani.