Kiranja ana simu, mpiga kura ana miaka mitano

Tarehe 30 Agosti 2018 wabunge wa Kenya walifanya jambo lililowapa heshima vijijini kwao. Waliiahirisha kwa miaka miwili kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mafuta ya petroli na dizeli. Rais Uhuru Kenyatta hakutia saini, na kwa kuwa sheria ya awali ilikuwa imeitaja tarehe 1 Septemba, kodi ikaanza kutozwa. Jijini Nairobi lita ya petroli iliruka kutoka kama shilingi 113 hadi 127. Nauli zikapanda, wasafirishaji wa mafuta wakagoma, na kila mbunge aliyekuwa kwao akaelezwa usoni watu wanataka nini. Wiki tatu baadaye, Alhamisi ya 20 Septemba, wabunge wale wale waliitwa kwenye kikao maalumu. Walipotoka, kodi ilikuwa imebaki, ila imeshushwa hadi asilimia 8, kama Rais alivyopendekeza.

Wengi walisema wamehongwa au wametishwa. Huenda wapo waliotishwa, lakini kilichotokea siku ile hakihitaji maelezo hayo. Kinahitaji kuijua Ibara ya 115 ya Katiba.

Rais akiurudisha muswada pamoja na mapendekezo yake, Bunge lina njia mbili. Likiyakubali, wingi wa kawaida wa waliopo unatosha. Likitaka kuyakataa na kushikilia msimamo wake wa mwanzo, lazima lipate theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Tazama hesabu hiyo inamwachia kiranja wa chama kazi gani. Hakuhitaji kumfanya mtu yeyote aipende kodi ya mafuta. Alihitaji wabunge 117 tu wasiipinge: wanyamaze, wachelewe njiani, au wabaki nyumbani wakiuguza mafua. Mbunge aliyekwepa kikao ili asionekane kwao kuwa msaliti alikuwa amemsaidia Rais sawasawa na aliyesimama kuitetea kodi.

Na viranja siku hiyo walikuwa wakivuta kamba upande mmoja. Jumanne ya wiki ile wabunge wa Jubilee walikuwa wameitwa Ikulu. Raila Odinga, aliyekwisha kupeana mkono na Kenyatta mwezi Machi, naye aliwataka wabunge wa ODM waunge mkono asilimia 8. Bungeni kura ilipigwa kwa sauti, ya ndiyo na la, na ukumbi ukalipuka kwa kelele. Waliopinga walidai sauti yao ndiyo iliyokuwa kubwa. Hata kama walisema kweli, haikuwafaa kitu. Wabunge waliokuwa ukumbini walipohesabiwa hawakufika 233, kwa hiyo hata kama wote wangepinga, mapendekezo ya Rais yasingeangushwa. Keshoye Rais akatia saini.

Kiranja, ambaye Watanzania humwita mnadhimu, hufanya kazi yake kabla ya kengele ya kura kulia. Anayo orodha ya wabunge wa chama, anajua nani yuko nje ya nchi na nani ananung'unika. Chombo chake cha kila siku ni simu. Silaha yake ni kamati. Viti vya kamati za Bunge hugawiwa kupitia vyama, na chama kinaweza kumwandikia Spika kwamba kimemwondoa mwanachama wake. Mbunge aliyeondolewa hupoteza posho za vikao na safari, na pia hupoteza mahali ambapo waziri hulazimika kumjibu maswali kuhusu barabara ya kwao. Hasara ya mwisho ndiyo inayouma zaidi, na husahaulika tunapozungumzia posho peke yake: mbunge huyu anamtii kiranja ili apate cha kuwapelekea wapiga kura walewale wanaomlaumu kwa kutii.

Nguvu hiyo ilionekana wazi mwaka 2020, Jubilee ilipogawanyika kati ya Rais na naibu wake, William Ruto. Mwezi Mei, baada ya kikao kilichofanyika Ikulu, Kipchumba Murkomen aliondolewa kwenye uongozi wa walio wengi katika Seneti, na Susan Kihika akapoteza nafasi ya kiranja. Siku chache baadaye Kithure Kindiki aling'olewa kwenye unaibu spika kwa kura 54 dhidi ya 7. Mwezi Juni ikawa zamu ya Aden Duale katika Bunge la Taifa. Maseneta watano wa kuteuliwa walifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chama kwa sababu hawakuhudhuria kikao kile cha Ikulu. Hao hawakuwa na jimbo la kukimbilia, maana kiti chao kilitokana na orodha ya chama.

Upande wa wananchi, fimbo ni fupi. Katiba ya Kenya, Ibara ya 104, inawapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao nyumbani kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoweka utaratibu wake, na hakuna mbunge wa Kenya aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Chama kinaweza kumwadhibu mtu wiki hii. Jimbo hungoja uchaguzi, na kabla ya uchaguzi kuna mchujo wa chama. Katika ngome za chama, aliyepata tiketi amekwisha kupita nusu ya njia.

Tanzania imekaza zaidi. Chini ya Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti, na mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa hiyo kufukuzwa chamani ni kufukuzwa bungeni: Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama na upande wa Profesa Lipumba, Spika akatangaza viti vyao viko wazi, na wengine wakateuliwa. Bajeti nayo hupigiwa kura kwa kuita jina moja moja, na Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa. Mbunge wa chama tawala anayesema hapana anahatarisha kiti chake na cha jirani yake.

Hata hivyo kiranja hushindwa. Mwaka huohuo wa 2020 Seneti ya Kenya ilijadili mgao wa fedha za kaunti, na fomula iliyokuwa mezani ingepunguzia kaunti kadhaa mapato. Maseneta wa vyama vyote walijipanga kwa kaunti zao, na maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mvutano. Mjadala ulikwama kikao baada ya kikao, mpaka Septemba ilipopatikana njia ambayo hakuna kaunti ingepoteza. Sababu ya kiranja kushindwa ni kwamba hasara ilikuwa na jina la kaunti na kiasi cha shilingi. Kodi ya mafuta humuumiza kila mtu, na kwa hiyo haina jimbo la kuitetea.

Juni 25, 2024 Muswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, baada ya vijana kuwapigia wabunge simu na kuwatumia ujumbe kwa siku nyingi. Viranja walishinda ukumbini. Mchana huohuo waandamanaji waliingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Ukitaka kujua mbunge wako alisimama wapi, soma Hansadi ya siku ile. Kura ya sauti haitakuonyesha jina la mtu. Kura iliyohesabiwa itakuonyesha waliosema ndiyo na waliosema la, na jina usiloliona popote ndilo la kuuliza habari zake mbunge atakapofika kwenye mkutano wa hadhara.