Ng'ombe hafichi maziwa bure



Kila mwaka mvua ikikatika kwenye vilima vya Masisi, tunasikiaka maneno yale yale katika mikutano ya koperative: «Ng'ombe wangu anaficha maziwa.» Mwaka huu mama mmoja mwanachama alituita kwake. Alikuwa karibu kuuza ng'ombe wake, na minervali ya watoto watatu inatoka kwa maziwa ya huyo ng'ombe. Mwezi wa tano alikuwa anamkamua litri 7 kwa siku. Mwezi wa saba akabaki na litri 4. Watu wengine walimwambia kwamba ng'ombe ameharibiwa na mtu mwenye wivu. Tulipanda kwake tuangalie.

Kwanza tulifanya hesabu. Ng'ombe akisha kuzaa, maziwa inapanda kwa muda wa mwezi mmoja na nusu ao miwili, kisha inaanza kushuka pole pole mpaka wakati wa kumkausha. Kwa ng'ombe wetu waliochanganywa damu, kushuka kwa sehemu moja juu ya kumi kila mwezi ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ng'ombe wa litri 7 katika mwezi wa tano alipaswa kuwa na litri 5 na nusu ao karibu 6 katika mwezi wa saba. Huyu alikuwa na 4. Basi kulikuwa litri moja na nusu, ao zaidi kidogo, iliyopotea bila sababu.

Tulikamua maziwa ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi. Hakukuwa mabonge wala damu, na kiwele hakikuwa cha moto wala kigumu. Hatukuona alama ya ugonjwa wa kiwele. Tukaanza kutafuta upande wa maji.

Maziwa inatoka wapi?

Maziwa inatengenezwa ndani ya kiwele, na inatengenezwa na damu. Ndani ya kiwele kuna vifuko vidogo sana, vingi kupita hesabu. Damu inapita pembeni yao, navyo vinachukua ndani yake maji, sukari, mafuta na vitu vingine vya chakula. Ili kupata litri moja tu ya maziwa, damu inayopita katika kiwele inafika litri 400 na zaidi. Kazi hiyo inaendelea usiku na mchana, hata ng'ombe akiwa amelala na kucheua.

Katika maziwa, zaidi ya sehemu nane juu ya kumi ni maji. Kiwele hakiwezi kutengeneza maziwa mazito ili kuokoa maji. Maji ikikosekana, maziwa yenyewe inapunguka, tena mara moja, kwa siku moja ao mbili.

Mama alitushangaa tulipouliza habari ya maji. Alisema: «Maji? Anashukaka mtoni kila siku saa sita, hata wakati wa mvua ilikuwa vile. Hakuna kitu kimebadilika.» Lakini kitu kilikuwa kimebadilika, nacho ni majani. Wakati wa mvua, kilo 40 za matete mabichi zinaleta ndani yake maji ya litri zaidi ya 30. Ng'ombe anakunywa wakati anakula. Wakati wa kiangazi majani inakauka, na maji ile inapotea. Safari moja ya mtoni iliyotosha katika mwezi wa tano haikutosha tena katika mwezi wa saba.

Ng'ombe wa kadiri hii anahitaji maji kwa mwili wake, na juu yake litri 3 mpaka 5 kwa kila litri moja ya maziwa. Tulimwomba mama aweke ndoo ya litri 20 zizini jioni, kisha kukamua. Ng'ombe aliimaliza bila kuinua kichwa. Hiyo njo alama ya kwanza kwamba kiu ilikuwepo. Tangu siku ile watoto wanapandisha bido moja asubui na moja jioni. Siku ya nne kaye ya mama ilionyesha litri 4 na nusu, na kisha wiki, karibu 5.

Mkono wa kukamua

Nusu litri ingine tuliipata mahali ambapo hakuna aliyeifikiri. Kijana wa nyumba alikuwa anaosha kiwele, anamfunga ndama, kisha anaenda kutafuta ndoo na kuzungumuza na wenzake. Alipoketi kukamua, dakika kumi zilikuwa zimepita.

Maziwa nyingi inakaa katika vile vifuko vya juu, haiteremke yenyewe. Ndama akinyonya kidogo, ao mkono ukiosha na kusugua kiwele kwa maji ya uvuguvugu, ubongo wa ng'ombe unatuma dawa ndani ya damu inayokamua vile vifuko. Dawa hiyo inafika kisha dakika moja hivi, na nguvu yake inaisha kisha dakika tano mpaka nane. Ukichelewa, umeacha maziwa juu. Ng'ombe akipigwa, akiogopa mbwa ao mtu mgeni, mwili wake unatoa dawa ingine inayofunga ile ya kwanza. Wakati ule njo tunasema «anaficha». Hafichi, amefungwa na woga.

Maziwa inayobaki ndani inaleta hasara mara mbili. Ile ya mwisho njo yenye mafuta mengi. Tena kiwele kinachobaki kimejaa kinapunguza kazi yake, na ikiendelea wiki nyingi, sehemu ya vifuko inakufa na hairudi mpaka ng'ombe azae tena.

Sasa kijana anaweka ndoo tayari kwanza. Anaosha, anapangusa, anaanza kukamua ndani ya dakika moja, kwa mkono wote, bila kuvuta chuchu kwa vidole viwili. Anamaliza kwa dakika saba, saa kumi na mbili asubui na saa kumi na moja jioni, kila siku. Kisha wiki mbili kaye ilionyesha litri 5 na nusu.

Na chakula?

Chakula tulikigusa mwisho, kwa sababu kinachelewa kuonekana. Ng'ombe anakula kwanza kwa ajili ya mwili wake, na kinachobaki tu kinaenda kwenye maziwa. Matete ya mama yalikuwa yamepita urefu wa mtu, shina gumu na majani machache. Yanajaza tumbo bila kulisha. Matete yakatwe yakiwa karibu na urefu wa mita moja, na yachanganywe na kitu chenye kujenga mwili: matembele, majani ya maharagi kisha kuvuna, ao desmodiamu iliyopandwa kwenye mitaro ya kuzuia udongo. Lakini ile ilipaswa kupandwa wakati wa mvua, kwa hiyo kwa kiangazi hiki mama hakuweza kupata zaidi. Litri 7 hazitarudi mwaka huu, tulimwambia wazi. Ng'ombe hakuuzwa.

Tunaomba kila mwanachama anayeona maziwa inashuka afanye vile mama alifanya: apime kwa litri na kuandika asubui na jioni, tena abadilishe kitu kimoja tu kwa mara moja. Maji ijibiwe kwanza, siku nne. Kisha mkono, wiki mbili. Ikiwa chuchu moja tu njo imepunguka, ao kuna mabonge kwenye kitambaa, usingoje: ita veterineri siku ile ile. Kaye zenu mzilete kwenye mkutano ujao, tuzisome pamoja.