Namba za Kirumi, namba za kawaida, faili moja

Anayeandika tasnifu au ripoti ndefu hupewa masharti yanayofanana karibu kila chuo: jalada lisiwe na namba, ikirari hadi yaliyomo ziwe na namba ndogo za Kirumi, na Sura ya Kwanza ianze na 1. Wengi hukwama hapo, wakaishia kuikata kazi yao katika mafaili matatu na kuandika ukurasa wa yaliyomo kwa mkono. Ikiongezwa aya moja tu, yaliyomo yote hayasemi kweli tena.

Sharti lenyewe lina maana. Shukurani, ikisiri na yaliyomo hukamilika mwisho, kazi nyingine ikiwa imeshaandikwa. Zikiwa na hesabu yake, unaweza kuongeza ukurasa mzima wa shukurani na ukurasa wa 40 ukabaki kuwa wa 40.

Katika Word, siri iko kwenye kitu kiitwacho sehemu, yaani `Section`. Aina ya namba na mahali hesabu inapoanzia ni mali ya sehemu, si ya ukurasa mmoja mmoja. Kwa hiyo tasnifu ya kawaida inahitaji sehemu mbili tu: kurasa za awali pamoja na jalada, na sura zote.

Anza kwa kubonyeza Ctrl+Shift+8 ili uone alama zilizofichika. Weka kasa mwanzoni kabisa mwa kichwa cha Sura ya Kwanza, ufute `Page Break` na mistari mitupu iliyo juu yake. Kisha nenda `Layout`, `Breaks`, na chini ya `Section Breaks` uchague `Next Page`. `Page Break` hukupeleka ukurasa mpya tu, haitengi sehemu.

Sasa rudi kurasa za awali, uweke namba kwa `Insert`, `Page Number`, `Bottom of Page`. Fungua `Format Page Numbers`, chagua i, ii, iii, na kwenye `Start at` weka i. Nenda chini ya ukurasa wa Sura ya Kwanza, fungua kidirisha kilekile, chagua 1, 2, 3 na uanzie 1. Mwisho bofya mara mbili chini ya jalada, uweke tiki kwenye `Different First Page`. Namba ya jalada itatoweka, ingawa jalada bado linahesabiwa kuwa i, na ikirari itasomeka ii.

Fuata mpangilio huo. Ukiweka tiki ya jalada kabla ya kutenga sehemu, sehemu ya pili huirithi, na ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza unakosa namba. Ukiona hivyo, nenda kwenye ukurasa huo uiondoe tiki.

Inabaki kijajuu kinachotaja jina la sura. Hakuna haja ya kutenga sehemu kwa kila sura. Bofya mara mbili juu ya ukurasa wa Sura ya Kwanza na uzime `Link to Previous`, ili maandishi yasirudi kwenye kurasa za awali. Kule chini kiache kiungo hicho kama kilivyo, kwa sababu namba hufuata sehemu yake hata kiungo kikiwepo. Kisha nenda `Insert`, `Quick Parts`, `Field`, chagua `StyleRef`, halafu `Heading 1`. Kila sura inapoanza, kijajuu hubadilika chenyewe, mradi vichwa vyote vya sura vimepewa mtindo wa `Heading 1`.

Tasnifu zetu zina mtego wake hapa. Tumezoea kuandika SURA YA KWANZA, kubonyeza Enter, kisha UTANGULIZI WA JUMLA chini yake. Yote mawili yakiwa `Heading 1`, ukurasa wa kwanza wa sura utaonyesha SURA YA KWANZA juu, na kurasa zinazofuata zitaonyesha UTANGULIZI WA JUMLA. Andika kichwa chote katika aya moja, ukitenganisha kwa nukta pacha.

Jihadhari pia usifute ile alama ya `Section Break`. Ikifutwa, kurasa za awali huchukua taratibu za sehemu inayofuata, na namba za Kirumi hupotea papo hapo. Ctrl+Z itakurejesha.

Kabla ya kwenda steshenari, bofya ndani ya yaliyomo, ubonyeze F9 na uchague `Update entire table`. Na ukitaka kuchapa baadhi ya kurasa, kumbuka kwamba sasa faili lina kurasa mbili zenye namba ya kwanza: jalada na mwanzo wa Sura ya Kwanza. Kwenye nafasi ya `Pages` taja na sehemu yake. Kurasa 1 hadi 10 za sura huandikwa hivi:

```
p1s2-p10s2
```