Injini Moja, Warithi Saba

Chisenga ni kisiwa cha wavuvi upande wa Nchelenge, pale Luapula inapomwagikia Ziwa Mweru katikati ya mabwawa na matete. Mali ya mtu wa huko huwezi kuiona ukisimama barabarani, kwa sababu imefungwa gatini: boti ya mbao, injini ya kufunga nyuma, nyavu, taa za kuvulia chisense usiku. Chisense ni samaki wadogo wa fedha, ndugu wa dagaa, wanaoanikwa juani na kupelekwa Kashikishi, kisha Kongo au Copperbelt. Mwenye boti na injini anaitwa tajiri hata kama nyumba yake ni ya udongo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu wa mwambao huu ni jepesi kulisikia: nikifa, boti ni ya nani? Mwulizaji huwa amekwisha kujijibu moyoni. Mwanamume hudhani ni ya watoto. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, hudhani ni yake. Mke hatamki kitu, ila ndiye anayejua risiti ziko wapi.

Kumlaumu mpwa si haki. Watu wengi wa Luapula huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ya ukupyana marehemu hupata mpyani, mtu wa kuchukua jina lake na nafasi yake katika ukoo. Zamani jina lilikuja pamoja na vitu. Hata simulizi kubwa ya nchi hii ni ya mirathi kwa namna yake. Nachituti, dada wa Nkuba chifu wa Washila, alikabidhi nchi na maji kwa Mwata Kazembe baada ya kaka yake kumuulia mwana. Inasimuliwa kwamba alileta kikapu cha udongo na chungu cha maji. Mwanamke alitoa, kaka alinyang'anywa, na mpaka leo watu hubishana nani alipewa nini hasa.

Mwaka 1989 Bunge la Zambia lilitunga sheria mbili pamoja: moja ya mirathi ya mtu aliyekufa bila wosia, nyingine ya wosia na utekelezaji wake. Ya kwanza inagawa kwa mafungu manne. Watoto wote kwa pamoja hupata asilimia 50, wa ndani na wa nje ya ndoa, hata aliye tumboni, na kila mmoja hupimiwa kwa umri wake au mahitaji yake ya shule. Mjane au mgane hupata asilimia 20, wazazi wa marehemu 20. Asilimia 10 iliyobaki ni ya wategemezi. Mtegemezi si ndugu yeyote mwenye shida, bali aliyekuwa akiishi na marehemu na kulishwa naye, au mtoto mdogo aliyekuwa akisomeshwa naye, na asiyeweza kujitunza. Mpwa wa miaka 30 anayevua kwa ujira wake hayumo. Mpwa wa miaka 12 anayelala nyumbani kwako na kuvaa sare uliyomnunulia yumo.

Vyombo vya nyumbani havipiti kwenye mafungu hayo. Vitanda, sufuria, nguo, baiskeli, jembe, hata gari la familia huenda moja kwa moja kwa mjane na watoto. Ila sheria inatoa nje vitu viwili: fedha, na vifaa vilivyotumika kwa biashara. Basi kitanda ni cha mjane na watoto peke yao, lakini boti ya kuvulia chisense wa kuuza, injini yake na nyavu zake vinaingia kwenye mafungu. Nimewaona watu wenye elimu wakishtuka kusikia hivyo, maana walidhani kila kilichomo uani ni cha mama watoto.

Tuchukue mvuvi wa mfano, na bei ziwe za mfano pia. Ana mke mmoja, watoto wanne, mama mzazi aliye hai, na mpwa mdogo anayemlea. Jumla ni warithi saba. Boti ni kwacha 25,000, injini 20,000, nyavu na taa 15,000. Kwenye simu na benki ana 20,000. Anadaiwa 10,000 na mchuuzi aliyemkopesha mafuta na nyuzi. Madeni hulipwa kwanza, kwa hiyo za kugawa ni kwacha 70,000: watoto 35,000, mke 14,000, mama 14,000, mpwa 7,000.

Kwenye karatasi ni haki tupu. Sasa tushuke gatini. Fedha taslimu baada ya deni ni 10,000, na mama na mpwa peke yao wanastahili 21,000. Pengo ni 11,000, na hakuna pa kulitoa ila kwenye vifaa. Injini inauzwa. Boti bila injini haifiki kwenye chisense, kwa hiyo nayo inauzwa mwezi unaofuata, kwa bei ya mtu mwenye dhiki. Kila mmoja amepata fungu lake, na kazi iliyokuwa ikiwalisha wote saba imekwisha. Hapo hakuna aliyeiba. Mwizi akiwapo ni kesi nyingine: asiye na haki anayemnyang'anya mjane au mtoto mali ya marehemu anatenda kosa la jinai, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza mali bila idhini ya mahakama. Wasimamizi wengi hudhani ile karatasi ya mahakama ya mtaa imewafanya wenye mali. Imewafanya wabeba mizigo tu.

Kwa mvuvi, basi, faida ya kwanza ya wosia ni kukifanya chombo kibaki kizima. Huyu wa mfano wetu angeweza kuandika kwamba boti, injini, nyavu na taa ni za mke wake na mtoto wa kwanza kwa pamoja, visiuzwe mpaka mtoto wa mwisho amalize shule, na kila mwezi wa kuvua mama mzazi apewe kiasi kilichotajwa. Nimesema mwezi wa kuvua kwa sababu kwa kawaida ziwa hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na ahadi ya kila mwezi isiyokumbuka hilo itavunjika mwaka wa kwanza. Zile 10,000 zinazobaki baada ya deni anaweza kuzigawa 6,000 kwa mama yake na 4,000 kwa shule ya mpwa.

Kwa nini amkumbuke mama, wakati wosia ni wake? Kwa sababu uhuru wa wosia Zambia una ukingo. Mke, mume, mtoto au mzazi aliyeachwa bila matunzo ya kuridhisha anaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuurekebisha wosia. Ukimfuta mama kwa hasira ya mwaka huu, umewaandikia watoto wako kesi.

Kuuandika wenyewe si kazi kubwa. Mwandishi awe na miaka 18 au zaidi na akili timamu. Daftari la shule linatosha, na lugha ni yoyote anayoijua. Anatia sahihi mwishoni, chini ya maneno yote, mbele ya mashahidi wawili walio pale kwa wakati mmoja, nao wanatia sahihi mbele yake. Wosia mwingi huharibikia hapa kwenye mashahidi. Mmoja anatia sahihi leo, wa pili anafuatwa kesho kutwa Nchelenge kwa sababu mtumbwi ulichelewa; au shahidi ni mke mwenyewe, aliyeachiwa nusu ya mali. Shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi. Kama mwandishi hajui kusoma, anayemsomea aandike chini kwamba alimsomea yote na akayaelewa, ndipo dole gumba lipigwe.

Maneno yawe ya gatini. “Mali yangu yote” ni maneno ya ugomvi. Andika boti ipi, rangi gani, urefu gani, na namba iliyogongwa kwenye injini. Ukanda huu una jambo ambalo wanasheria wa mjini hulisahau: mara nyingi boti ni yako, injini ni ya mdogo wako, na nyavu zililetwa na mchuuzi wa upande wa Kongo atakayelipwa kwa samaki. Mwenye injini akija kuidai siku ya tatu ya msiba, kila mtu atamwita mwongo. Ukurasa mmoja wa wosia uwe wa vitu visivyo vyako na madeni unayodaiwa, na mdogo wako ajue kuwa ukurasa huo upo.

Kuna fomu vilevile. Benki na mifuko ya pensheni hukuandikisha jina la mtu wa kufuatwa ukifa. Wengi walijaza kabla ya kuoa wakamtaja kaka, wakasahau. Fomu ikimtaja kaka na wosia ukimtaja mke, umeacha mashahidi wawili wanaopingana. Fedha za simu ni mbaya zaidi, maana anayejua namba ya siri huzitoa kabla jeneza halijatoka, akisema ni za mchele wa msiba. Pengine ni kweli. Lakini hakuna atakayeweza kuonyesha hesabu.

Na nyumba? Hapo wosia unagota. Ardhi inayoshikwa kimila haipiti chini ya sheria hizi mbili, na Chisenga ardhi ni ya mila. Huwezi kumwachia mkeo kwa wosia kiwanja ambacho sheria inasema si mali ya wosia. Wapo wanaogeuza ardhi ya kimila kuwa ya hati ya miaka 99 kwa ridhaa ya chifu, kama Sheria ya Ardhi ya 1995 inavyoruhusu, lakini kwa kiwanja cha udongo kisiwani gharama na safari hazilingani na mali. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni ya zamani: nenda kwa mkuu wa kijiji ungali mzima, pamoja na mkeo na ndugu mmoja wa upande wa mama yako, useme kwa sauti nani atabaki pale, na liandikwe.

Mzee mmoja niliyemsaidia aligoma kwenye jambo moja tu. Tulikuwa tumekaa juu ya boti iliyopinduliwa, daftari gotini, chisense wanaanikwa pembeni. Boti kwa mke na binti yake wa kwanza alikubali. Mama yake alitajwa wa kwanza. Lakini wosia usiomtaja mpyani, alisema, ukoo utauona ni wa mtu aliyekimbia kwao. Nilimwambia sheria haimkatazi kumwachia mpwa kitu. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike: mpyani wangu apewe jina langu na kafi langu, injini ibaki na mama watoto. Kisha akawaita mashahidi wawili waliokuwa wakishona nyavu, wakaja kwa pamoja.