Mita ya Pili Inajibu, ya Kwanza Imenyamaza

Mita mbili za umeme za aina moja zimefungwa kwenye boksi moja, zimeunganishwa kwa waya uleule, na kidhibiti kimoja kinaziuliza swali lilelile: kuna volti ngapi? Mita namba 2 inajibu kila mara. Mita namba 1 haisemi neno. Fundi anazibadilishia namba, iliyokuwa 1 ikawa 2, na papo hapo iliyokuwa bubu inaanza kusema, na iliyokuwa ikisema inanyamaza. Kwa hiyo mita zote ni nzima, na waya ni mzima. Kasoro imejificha katika namba 1 yenyewe.

Hiki si kituko. Ni hitilafu inayoweza kufuatiliwa biti kwa biti hadi ionekane ilipo, na ukiifuata utakuwa umeona karibu kila kitu kinachohitajika kujulikana kuhusu Modbus inayopita kwenye laini ya RS-485.

Modbus ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Kimarekani ya Modicon, ili vidhibiti vyake vya viwandani viweze kuzungumza. Leo lugha hiyo imo ndani ya mita za umeme, vibadilishaji vya umeme wa jua, pampu na mashine za kupoza hewa. Utaratibu wake ni wa adabu kali. Kwenye laini yuko mwulizaji mmoja tu. Wengine wote wanasubiri kuitwa kwa namba, wajibu, kisha wanyamaze. Asiyeitwa hasemi.

RS-485, kiwango kilichotoka mwaka 1983, ni njia ya kuyabeba mazungumzo hayo. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, A na B, hubeba biti moja kwa wakati. Mpokeaji hapimi volti ya waya mmoja peke yake. Anatazama tofauti kati ya nyaya hizo mbili, na tofauti ya volti 0.2 inamtosha kuamua kama ni 0 au 1. Mota ikiwaka karibu na kutia kelele kwenye waya, kelele hiyo huingia A na B karibu sawasawa, na katika kutoa hujifuta. Ndiyo maana laini kama hii inaweza kufika mita 1,200 ikiwa kasi ni ndogo. (Alama za A na B zenyewe si za kuaminiwa. Baadhi ya watengenezaji huziandika kinyume cha wenzao, na kuzigeuza nyaya hizo ni jaribio la kwanza la fundi yeyote mwenye uzoefu.)

Tatizo ni kwamba nyaya ni jozi moja, na wasemaji ni wengi. Kila kifaa kina chipu ya kuingiza na kutoa ishara. Ile inayopatikana kirahisi zaidi madukani ni MAX485. Chipu hiyo ina pini iitwayo DE: ikipandishwa, chipu inashika laini na kusema, ikishushwa, inaiachia. Pini nyingine, RE, huwasha masikio, nayo hufanya kazi kinyume: ikiwa chini ndipo chipu inasikia. Mafundi wengi huziunganisha pini hizo mbili pamoja, na waya mmoja kutoka kwenye kidhibiti unaamua kama kifaa kinasema au kinasikiliza. Ni kama redio ya kubonyeza ya askari wa doria: kitufe ukiachia mapema, neno la mwisho linakatika, ukichelewa kukiachia, mwanzo wa jibu unakupita.

Sasa tulitazame swali lenyewe, kama linavyopita kwenye waya kwenda mita namba 1:

```
01 04 00 00 00 02 71 CB
```

Baiti ya kwanza ni namba ya mita. 04 maana yake ni kusoma rejista za vipimo. Nne zinazofuata zinasema kuanzia rejista 0, na kusoma rejista mbili. 71 CB ni namba ya ukaguzi, inayopigwa kwa hesabu kutokana na baiti zote zilizotangulia. Mita ikipokea swali hurudia hesabu hiyo, na isipolingana hukaa kimya. Hairudishi malalamiko, kwa sababu baiti iliyoharibika inaweza kuwa ndiyo ile ya namba, na huenda swali halikuwa lake. Swali lilelile kwa mita namba 2 ni hili:

```
02 04 00 00 00 02 71 F8
```

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti moja huchukua mikrosekunde 104. Kila baiti husafiri na biti ya kuanza, ambayo daima ni 0, biti nane za ujumbe, biti ya ulinganifu na biti ya kumalizia. Jumla ni biti 11, yaani milisekunde 1.15 hivi. Swali zima la baiti nane linachukua milisekunde 9.2.

Programu ya kidhibiti ilikuwa ikimalizia kutuma kwa mistari hii:

```
while (!(UCSR0A & (1 << UDRE0)));
delayMicroseconds(500);
digitalWrite(DE, LOW);
```

Hapo ndipo penye kasoro. Bendera ya UDRE0 haisemi kwamba baiti imekwisha kutoka. Inasema kwamba sehemu ya kupokelea baiti mpya iko wazi, nayo huwa wazi pale baiti ya mwisho inapohamia kwenye rejista ya kusukuma biti na kuanza tu safari yake. Mwandishi wa programu aliona baiti ya mwisho inapotea, akaongeza mikrosekunde 500 kwa kubahatisha, akajaribu na mita namba 2, ikajibu, akafunga kazi.

Mikrosekunde 500 ni muda wa biti karibu tano. Biti hutoka kwa kuanzia ile yenye thamani ndogo. F8, baada ya biti yake ya kuanza, hutoka hivi: 0 0 0 1 1 1 1 1. Kwa hesabu yake, biti ya ulinganifu ni 1, na ya kumalizia ni 1 daima. Chipu inapoachia laini, sifuri zote zimeshapita na zilizobaki ni moja tupu. Laini hii ina vizuia vinavyoivuta irudi kwenye hali ya 1 isiposhikwa na yeyote, kwa hiyo mita namba 2 inasoma moja zilezile ambazo ingezisoma hata kama chipu ingeendelea kusema. Baiti inafika nzima, ingawa nusu yake haikutumwa na mtu.

CB hutoka hivi: 1 1 0 1 0 0 1 1. Laini inaachiwa kabla ya zile sifuri mbili za biti ya tano na ya sita. Mahali pake zinasomwa moja, na CB inageuka FB. Hata biti ya ulinganifu haigundui wizi huo, kwa sababu biti mbili zimebadilika kwa pamoja na hesabu ya ulinganifu inabaki palepale. Ni namba ya ukaguzi tu inayokataa, na mita namba 1 inakaa kimya kama sheria inavyotaka. Namba ya mita ikibadilika, namba ya ukaguzi nayo hubadilika. Ndiyo maana ububu ulihamia kwenye mita nyingine fundi alipozibadilisha.

Kugundua hili hakuhitaji osiloskopu, japo aliye nayo ataliona mara moja akiweka mkono mmoja kwenye pini ya kutumia na mwingine kwenye DE. Kinatosha kifaa cha USB cha kusikilizia RS-485, kikifungwa kwenye laini kama mtu wa tatu asiyesema. Kwenye skrini ya kompyuta swali litamalizika na 71 FB badala ya 71 CB. Laini isiyo na vizuia vya kuivuta ingeonyesha kitu kingine, au baiti saba tu, na mara nyingine ingebadilika kutoka saa hadi saa.

Dawa ni kusubiri bendera iliyo sahihi:

```
while (!(UCSR0A & (1 << TXC0)));
digitalWrite(DE, LOW);
```

TXC0 huinuka biti ya kumalizia ikishatoka. Ina sharti moja: ifutwe kabla ya baiti ya mwisho kuandikwa, la sivyo itakuwa imeinuka tangu ujumbe uliopita. Kuongeza kusubiri hadi milisekunde 2 kungeonekana kuponya, na kwa 9600 kungeponya kweli. Lakini kwa 2400 baiti moja huchukua milisekunde 4.6, na ugonjwa unarudi. Na kwa 115200 milisekunde hizo mbili zinazaa ugonjwa wa upande wa pili.

Ugonjwa huo wa pili unatokana na ukimya. Ujumbe wa Modbus wa aina hii hauna alama ya mwanzo wala ya mwisho, kwa kuwa baiti yoyote, iwe 00 au FF, inaweza kuwa sehemu ya kipimo. Mpaka kati ya ujumbe na ujumbe ni kimya cha muda wa baiti tatu na nusu. Kwa 9600 ni milisekunde 4 hivi. Kasi ikipita 19200, kiwango kinashauri muda usiobadilika wa milisekunde 1.75, kwa sababu vipindi vifupi kuliko hivyo vingekichosha kichakato cha kifaa. Mita iliyo nyepesi inaweza kuanza kujibu mara tu kimya hicho kinapotimia. Mwulizaji ambaye hajaachia laini kufikia hapo anagongana nayo: chipu mbili zinavuta nyaya zilezile, moja kwenda 0 na nyingine kwenda 1, na masikio ya mwulizaji bado yamezibwa.

Jibu kamili la mita namba 1, volti zikiwa 230.2, huanza na 01 04 04 43 66 33 33, kisha hufuata baiti mbili za ukaguzi. Mwulizaji aliyechelewa kuachia laini huona jibu linaloanza na 04 04 43, yaani baiti ya kwanza haipo. Hiyo ndiyo dalili yake, na ni tofauti kabisa na ile ya kwanza: hapa mita imejibu, ila kichwa cha jibu kimekatwa.

Kwenye kompyuta ndogo za Linux ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi kuliko ule wa kwanza. Programu huandika ujumbe, huita `tcdrain`, kisha hushusha pini yenyewe. Kati ya hatua hizo mfumo unaweza kuipa kazi nyingine zamu, na milisekunde kadhaa zikapotea bila mpangilio. Kwa hiyo jibu moja katika mengi linakatika, na kumbukumbu za kituo zinajaa makosa ambayo hakuna anayeweza kuyarudia mezani. Afadhali kazi hiyo ikabidhiwe kiendeshi cha bandari ndani ya kiini cha mfumo kwa agizo la `TIOCSRS485`, au itumike chipu ya USB inayogeuza mwelekeo yenyewe. Baadhi ya mita pia zina rejista ya kuchelewesha jibu, na kuipandisha hadi milisekunde 20 huipa laini nafasi ya kutosha pale ambapo programu ya mwulizaji haiwezi kuguswa.