Kukataa Punguzo la Safari ya Kilimanjaro

Ofisi za Moshi na Arusha zinazopandisha wageni Mlima Kilimanjaro huombwa punguzo karibu kila siku. Mteja ametumiwa bei, ameilinganisha na ya kampuni nyingine, na sasa anaandika apunguziwe. Muuzaji anayejibu kwa mkato kwamba bei haipungui humfukuza mteja ambaye pengine alikuwa anauliza tu. Anayekubali upesi hubaki kutafuta pa kuziba pengo, na kwa safari ya mlima pengo hilo huzibwa kwa posho na chakula cha wapagazi. Jibu linalofaa hukataa kushusha bei ya huduma ileile, humwonyesha mteja fedha yake inakokwenda, kisha humpa safari nyingine yenye bei yake.

Jibu hilo haliandikiki kama muuzaji hajaichambua bei yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya bei ya kupanda Kilimanjaro si ya kampuni. Kwa viwango vilivyozoeleka vya mtu mzima asiye mkazi, ada ya hifadhi ni dola 70 kwa siku, kupiga hema ni dola 50 kwa usiku, na huduma ya uokoaji ni dola 20 kwa safari nzima. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Safari ya siku 7 kwa njia ya Machame ina siku 7 za ada na usiku 6 wa hema: dola 490, 300 na 20, jumla 810. Ikiongezwa kodi inafika dola 955.80. Fedha hiyo hupita tu mikononi mwa kampuni, na hakuna muuzaji mwenye mamlaka ya kuigusa.

Chukua mfano wa Mtanzania wa kuzaliwa anayeishi Ujerumani, ambaye sasa ana pasipoti ya huko. Anataka kupanda na rafiki yake kwa njia hiyo ya Machame, na ametajiwa dola 2,000 kwa kila mmoja. Anaomba iwe 1,600, akitaja kwamba yeye ni mtu wa nyumbani. Hoja yake inaeleweka, lakini ada za hifadhi hufuata uraia na ukaazi, kwa hiyo pasipoti yake inamweka kwenye kiwango cha mgeni. Zikitolewa ada, bei yake inabaki na kama dola 1,044 za kuendesha safari. Punguzo la 400 likikatwa humo ni karibu asilimia 38. Mteja anadhani ameomba sehemu moja ya tano, kumbe kwa kampuni ni karibu mara mbili ya hapo. Hesabu hii ndiyo moyo wa jibu, nayo inaweza kuandikwa hivi:

"Kaka, asante kwa kutuandikia, na karibu sana nyumbani. Kwa safari hii kama ilivyo sitaweza kushuka hadi 1,600. Katika ile 2,000, dola 956 hivi ni ada za hifadhi na kodi, tunazilipa kama zilivyo kabla hamjaanza kupanda. Inayobaki inalipa waongozaji wawili, mpishi na wapagazi wanane kwa siku saba, chakula cha watu wote, gari la kwenda na kurudi, mahema, na mtungi wa oksijeni. Zipo safari mbili za bei ya chini kidogo, nimezieleza hapa chini. Mkiona moja inawafaa, nijulishe kabla ya Ijumaa niwashikie nafasi."

Katika ujumbe huo kukataa kumekuja mapema, mara moja, bila kuomba radhi. Muuzaji anayeomba radhi mara tatu huonekana kama mtu anayejua bei yake ni kubwa mno, na mteja huongeza kuvuta. Vilevile vitu vimetajwa kwa idadi. Maneno kama "huduma bora" hayamsaidii msomaji kitu, ila wapagazi wanane anaweza kuwahesabu. Waongozaji wawili nao wanahitaji sentensi moja ya maelezo mteja akiuliza: mmoja wa wapandaji akiugua kwa sababu ya mwinuko, mwongozaji mmoja hushuka naye na mwingine huendelea na aliyebaki. Akiwepo mmoja tu, ugonjwa wa mtu mmoja humaliza safari ya wote wawili.

Safari mbadala lazima zitofautiane kweli na ile ya kwanza, la sivyo mteja atajua kwamba bei ya mwanzo ilipandishwa ili ishushwe. Ya kwanza ni kujiunga na kundi ambalo tarehe yake imeshapangwa. Gari, mpishi na mwongozaji mkuu hugawanywa kwa watu wengi, kwa hiyo bei inaweza kushuka, tuseme hadi 1,750, bila mtu kunyimwa ujira wake. Anachopoteza mteja ni uhuru wa kuchagua siku na wenzake wa njiani. Ya pili ni njia ya Marangu kwa siku 6. Huko wapandaji hulala katika vibanda vyenye vitanda, hivyo hakuna mahema ya kulalia ya kubeba na wapagazi hupungua. Ada yenyewe haishuki sana, maana kibanda ni dola 60 kwa usiku. Jumla pamoja na kodi ni dola 873.20. Wapandaji pia hushuka kwa njia ileile waliyopandia, na wengine hawalipendi hilo.

Ipo njia nyingine ya kupunguza ambayo wauzaji wengi huikimbilia, nayo inahitaji tahadhari: kukata siku. Machame ya siku 6 huokoa dola 141.60 za ada na kodi. Lakini siku inayokatwa ni ile ya kulala Karanga, kwenye mita 4,000 hivi. Mpandaji hutoka Barranco hadi Barafu kwa siku moja, kisha karibu na usiku wa manane huanza kupanda kuelekea Uhuru, mita 5,895. Mwili unakosa usiku mmoja wa kuzoea hewa nyepesi. Kumpa mteja chaguo hilo bila kumweleza hivyo ni kumuuzia hatari kwa jina la nafuu. Choo cha hema, kwa upande mwingine, kinaweza kuondolewa bila madhara kwa mtu asiyejali vyoo vya kambi.

Mara nyingine tatizo la mteja si kiasi bali ni wakati. Anayeweza kutoa malipo ya awali sasa na salio mwezi wa safari hahitaji punguzo hata kidogo, na swali moja tu la muuzaji linatosha kulijua hilo.

Na kama mteja ana bei ya 1,600 kutoka kwingine, hakuna haja ya kuisema vibaya kampuni hiyo. Inatosha kumshauri aiulize mambo matatu: wapagazi ni wangapi na wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, na mizigo yao ikishapimwa getini, ambapo kikomo ni kilo 20, nani anahakikisha haiongezwi njiani.